Nimeweka slaki kila mstari, simpleksi inasema nisinunue mbolea hata mfuko mmoja

Kijana_wa_Inyala:

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili hapa Mbeya, muhula huu tuna kozi ya utafiti wa uendeshaji. Tumepewa asainimenti: kila mtu achukue jambo la kwao nyumbani, aliandike kama tatizo la simpleksi, ile njia ya kutafuta gharama ndogo kabisa au faida kubwa kabisa chini ya masharti, kisha alitatue kwa mkono, jedwali baada ya jedwali. Mimi nimechukua mbolea ya shamba la mahindi la mzee kule Inyala, ekari mbili.

Bwana shamba alimwambia mzee kwamba shamba lile linahitaji naitrojeni isiyopungua kilo 73 na fosfati isiyopungua kilo 46. Mbolea tunazotumia ni DAP na yurea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile ya 18-46-0, una naitrojeni kilo 9 na fosfati kilo 23. Mfuko wa yurea, ile ya 46%, una naitrojeni kilo 23 na fosfati hakuna. Duka tunakochukulia limebakiza yurea mifuko miwili tu. Bei nimejiwekea mwenyewe ili hesabu isinisumbue: DAP elfu 90, yurea elfu 70. Kwa hiyo x ni mifuko ya DAP, y ni mifuko ya yurea, na gharama iko kwa maelfu:

```
Punguza   90x + 70y
 9x + 23y >= 73     naitrojeni, kilo
23x       >= 46     fosfati, kilo
        y <= 2      yurea iliyopo, mifuko
x, y >= 0
```

Nikageuza kuwa milinganyo kwa kuongeza slaki, yaani kigeu kisicho hasi cha kujaza pengo, kila mstari:

```
 9x + 23y + s1 = 73
23x       + s2 = 46
        y + s3 = 2
```

Naanza na x = 0 na y = 0, kwa hiyo s1 = 73, s2 = 46, s3 = 2. Zote chanya, safi kabisa. Nikitazama mstari wa lengo, nikiingiza x au y gharama inapanda tu. Maana yake jedwali la kwanza ndilo la mwisho: nisinunue chochote, gharama sifuri. Mzee akiliona jibu hili atanifukuza shambani.

Kwenye slaidi wameandika kwamba mstari wa isipungue unawekewa saplasi, yaani kigeu cha ziada, kwa kutoa, halafu mstari huohuo unaongezewa tena kigeu bandia. Hapo ndipo sielewi. Vigeu viwili kwenye mstari mmoja ni vya nini?

---

Mtu_wa_Mwanjelwa:

Mdogo wangu, hiyo ni rahisi. Zidisha mistari miwili ya juu kwa −1, alama inageuka, yote yanakuwa masharti ya isizidi. Kisha unajumlisha slaki zako kama ulivyozoea:

```
-9x - 23y + s1 = -73
-23x      + s2 = -46
        y + s3 = 2
```

Umemaliza. Saplasi na vigeu bandia ni kuongeza safu bure kwenye jedwali. Mimi nafanya hesabu za kupanga mizigo kazini na sijawahi kuvigusa.

---

Mwalimu_Kibena:

Kijana, tuanze na mlinganyo wako wa pili kabla ya kwenda kokote. Umeandika 23x + s2 = 46, na s2 hairuhusiwi kuwa hasi. Jiulize x inaweza kufika wapi. Ikiwa s2 ni sifuri, x ni 2. Ikiwa s2 ni chochote zaidi ya sifuri, x inashuka chini ya 2. Haiwezi kuvuka 2 kamwe. Bwana shamba alisema fosfati isipungue kilo 46, wewe umeiambia simpleksi isizidi kilo 46. Mstari wa naitrojeni ni vivyo hivyo. Kwa hiyo jibu la sifuri ni sahihi kabisa kwa swali uliloliandika: mtu akitakiwa asizidishe mbolea na alipe kidogo iwezekanavyo, hanunui.

Kuna njia ya kukagua alama bila kukumbuka kanuni yoyote. Chukua mpango ambao una hakika unatimiza sharti, hata kama ni wa gharama kubwa. Tuseme DAP mifuko 4 na yurea 2. Naitrojeni ni 36 + 46 = 82, nayo inatakiwa 73, imezidi 9. Sasa tafuta kigeu kisichokuwa hasi kitakachofanya mlinganyo uwe kweli. Ukiandika 82 + s1 = 73, s1 inakuwa −9, imekataa. Ukiandika 82 − e1 = 73, e1 ni 9, imekubali. Mpango halali ukikataliwa na mlinganyo wako, alama iko kinyume. Fanya hivyo kwa kila mstari kabla ya kuchora jedwali la kwanza.

Sababu ya kusisitiza hivi ni kwamba baada ya kugeuza, alama ya ≥ imefutika kwenye karatasi. Kitu pekee kinachobeba sharti lile ni yale maneno "e1 si hasi". Ukikosea alama ya mbele yake hakuna mahali pengine pa kulikamata kosa, na hesabu itakwenda vizuri hadi mwisho.

Mistari yako sahihi ni hii:

```
 9x + 23y - e1 = 73
23x       - e2 = 46
        y + s3 = 2
```

Kila kigeu kipya kinachukua kipimo cha mstari wake. e1 ni kilo za naitrojeni zilizozidi, e2 ni kilo za fosfati zilizozidi, s3 ni mifuko ya yurea iliyobaki dukani. Viandike pembeni ya jedwali, vitakusaidia kulisoma jibu.

Mtu wa Mwanjelwa, kugeuza kwa −1 ni halali, na s1 yako ni ileile e1 yangu. Tatizo halijaondoka, limehamia upande wa kulia. Ukianza na x = 0 na y = 0, s1 ni −73. Kigeu hakiruhusiwi kuwa hasi, na wewe umeanza na hasi.

---

Mtu_wa_Mwanjelwa:

Mwalimu, kwa heshima, kompyuta inanikubalia. Hii hapa, imetoka sasa hivi:

```python
from scipy.optimize import linprog
r = linprog([90, 70],
            A_ub=[[-9, -23], [-23, 0], [0, 1]],
            b_ub=[-73, -46, 2])
print(r.x, r.fun, r.slack)
```

Jibu: x ni 3, y ni 2, gharama 410, na slaki ni 0, 23 na 0. Hakuna kigeu bandia popote nilipoandika.

---

Mwalimu_Kibena:

Hujaandika wewe, ila tatizo la kuanza limeshughulikiwa humo ndani. `A_ub` inapokea masharti ya isizidi peke yake, ndiyo maana ulilazimika kugeuza alama. Lakini kijana ameambiwa afanye kwa mkono, na kwa mkono lazima mtu aseme anaanzia wapi. Jibu lako la 410 ni sahihi, tulishike, tutalifikia kwa njia ndefu.

Ila kuna ukweli ndani ya unachosema, nitaurudia baadaye. Kuna namna ya simpleksi inayoanza na upande wa kulia ukiwa hasi.

---

Kijana_wa_Inyala:

Shikamoo mwalimu. Sehemu ya alama imeniingia, ile ya kujaribu mpango wa mifuko 4 na 2 nimeifanya kwa mistari yote. Swali langu la pili bado. Nikiwa na −e1 tayari, kwa nini niongeze na a1? Si mstari umeshakuwa mlinganyo?

---

Mwalimu_Kibena:

Marahaba. Ndiyo, mstari umeshakuwa mlinganyo, kazi ya e1 imekwisha hapo. Kigeu bandia kina kazi nyingine kabisa: kukupa mahali pa kuanzia.

Simpleksi ya kawaida inataka uanze na mpango mmoja ulio halali, kisha inaboresha. Kwenye masharti ya isizidi, kutofanya chochote ni halali, na zile slaki zinashika mistari zenyewe. Kwako wewe kutofanya chochote si halali: shamba bila mbolea halina kilo 73. Ukiweka x na y sifuri, −e1 = 73, yaani e1 = −73. Tazama safu ya e1: ina −1 mahali ambapo jedwali la kuanzia linataka +1. Ndiyo maana e1 haiwezi kuushika mstari siku ya kwanza.

Basi tunakopa kigeu cha +1, tunakiita a1:

```
 9x + 23y - e1 + a1 = 73
23x       - e2 + a2 = 46
        y      + s3 = 2
```

Sasa a1 = 73, a2 = 46, s3 = 2, zote chanya, jedwali linaanza. Lakini a1 ni naitrojeni isiyokuwepo. Ni deni. Kwa hiyo awamu ya kwanza tunasahau bei kabisa na kupunguza a1 + a2 tu mpaka ziwe sifuri. Jumla ya kuanzia ni 119. Hiyo 119 imechanganya kilo za naitrojeni na za fosfati na haina maana shambani. Tunachotaka kujua ni kama inaweza kufika sifuri.

Jumla hiyo ukiiandika kwa vigeu vilivyo nje, yaani vilivyowekwa sifuri, ni 119 − 32x − 23y + e1 + e2. Ile 32 imetoka kwenye 9 + 23. Mwenye kupunguza zaidi ni x, anaingia. Uwiano: mstari wa kwanza 73/9 ni 8 na kidogo, mstari wa pili 46/23 ni 2. Mdogo ni 2, kwa hiyo a2 inatoka na x inakuwa 2. Jumla imeshuka hadi 55.

Sasa x = 2 + e2/23, na a2 tunaifuta, haitarudi tena. Ukiipeleka x kwenye mstari wa kwanza unapata:

```
23y + (9/23)e2 - e1 + a1 = 55
```

Anayeingia ni y. Uwiano: 55/23 ni 2.39, na mstari wa yurea ni 2. Mdogo ni 2, s3 inatoka, y = 2. Jumla imeshuka hadi 9. Yaani DAP mifuko miwili na yurea yote iliyopo zimetupa naitrojeni kilo 64, na bado tunadaiwa kilo 9.

Hapa ndipo nataka usimame. x iko 2, y iko 2 na duka limeisha. Nani ataingia? Mstari umebaki hivi:

```
(9/23)e2 - 23s3 - e1 + a1 = 9
```

Anayeingia ni e2. Ile ziada ya fosfati, ambayo mwanzoni haikuweza kuushika mstari kwa sababu ya ile −1, sasa inaingia kama kigeu kingine chochote. Inakuwa 9 × 23/9 = 23, a1 inatoka, na jumla ni sifuri. x nayo inapanda: 2 + 23/23 = 3.

Umefika x = 3, y = 2, e2 = 23. Hakuna deni. Awamu ya pili rudisha bei. Kwa vigeu vilivyo nje, gharama ni 410 + 160s3 + 10e1. Vyote viwili vinapandisha gharama, kwa hiyo hakuna cha kuingiza na 410 ndiyo ya chini kabisa. Ni elfu 410, jibu la ndugu yetu wa Mwanjelwa.

Sasa fikiria ungeiacha e2 ukaandika 23x = 46 tu, kama ninavyoona baadhi ya wanafunzi wakifanya kwa kuona kwamba "si mwisho itakuwa sawa". x ingefungwa kwenye 2, naitrojeni ingeishia kilo 64, na simpleksi ingekuambia tatizo halina jibu. Na jibu lipo. Dalili yake ni hiyo: awamu ya kwanza inagoma juu ya sifuri, kwako ingegoma kwenye 9, wakati wewe unajua mpango wa mifuko 4 na 2 unatimiza masharti yote.

---

Mama_Pembejeo:

Habari zenu wanangu. Mimi nina duka la pembejeo Makambako, simpleksi siijui lakini mbolea naijua. Nimeona mmesema ziada ya fosfati ni kilo 23. Kilo 23 ni mfuko mmoja wa DAP kamili. Sasa kwa nini mzee anunue mifuko mitatu? Achukue miwili, ule mmoja wa ziada aache, aokoe elfu 90. Hesabu imewaambia wenyewe kuna ziada.

---

Kijana_wa_Inyala:

Mama shikamoo. Hata mimi niliiona hiyo 23 nikataka kuutoa mfuko. Nimejaribu: DAP miwili na yurea miwili ni 18 + 46, naitrojeni kilo 64. Zinapungua 9. Mfuko wa tatu umenunuliwa kwa ajili ya zile kilo 9 za naitrojeni, fosfati imekuja nayo tu kwa sababu imo ndani ya mfuko huohuo. Nimeelewa hivyo, mwalimu atanisahihisha.

---

Mwalimu_Kibena:

Sina cha kusahihisha. Ziada ya mstari mmoja huwezi kuirudisha dukani peke yake, kwa sababu x iko kwenye mistari miwili. e2 inasema sharti la fosfati limevukwa kwa kilo 23. Haisemi mfuko fulani haukuhitajika. Kinachoeleza mfuko wa tatu ni e1 = 0: naitrojeni iko kwenye mpaka, hakuna hata kilo ya kupunguza.

Mama, marahaba kwa niaba ya vijana, na swali lako ni la mfanyabiashara kabisa. Usomaji sahihi wa duka uko kwenye ile 160 mbele ya s3. Kila mfuko wa yurea ambao mzee angeuacha dukani ungemwongezea gharama elfu 160, kwa sababu angelazimika kufidia naitrojeni yake kwa DAP. Ukisoma kwa upande wa pili, duka likipata yurea kidogo zaidi, gharama inashuka kwa kiwango hichohicho, ila si mbali: mpaka DAP ishuke hadi mifuko miwili, yaani nyongeza ya 9/23 ya mfuko tu. Baada ya hapo fosfati inakataa.

---

Dada_wa_Kihesa:

Mwalimu amepita njia ya awamu mbili. Huku Iringa sisi tulifundishwa njia ya M kubwa, ambapo vigeu bandia vinabaki kwenye lengo lenyewe vikiwa na bei kubwa M: punguza 90x + 70y + M·a1 + M·a2. Inafika palepale, ila kuna mtego nataka kijana aujue, kwa sababu hesabu yake inauonyesha vizuri.

M inatakiwa iwe kubwa kiasi gani? Slaidi nyingi zinasema "kubwa sana" na kuishia hapo. Tazama bei ya naitrojeni: ukiinunua ndani ya yurea, kilo ni elfu 3 na kidogo, 70 kwa 23. Ukiinunua ndani ya DAP, bila kuihitaji fosfati yake, kilo ni elfu 10, yaani 90 kwa 9. Sasa mtu akiweka M = 5, amesema naitrojeni isiyokuwepo inauzwa elfu 5 kwa kilo. Simpleksi itaona hiyo ni nafuu kuliko DAP! Itakupa x = 2, y = 2, a1 = 9, na gharama 320 + 45 = 365. Itaonekana nafuu kuliko 410 na jedwali litakuwa limefikia mwisho kwa haki kabisa.

Kwa hiyo ukimaliza na a1 iko ndani na si sifuri, kuna mambo mawili: ama masharti yanagongana na jibu halipo, ama M yako ni ndogo. Kwa mkono usiweke namba, acha M kama herufi na uilinganishe kama kitu kinachoshinda namba yoyote. Kwenye kompyuta kuna shida ya upande wa pili, M ikiwa kubwa kupita kiasi inameza tarakimu za 90 na 70 wakati wa kujumlisha. Ndiyo maana mimi binafsi nimehamia kwenye awamu mbili.

---

Mbao_Mafinga:

Wakuu samahani naingilia. Mimi nina mashine ya kuranda mbao Mafinga, nataka kupanga kazi ya wiki. Napata faida kwa kila mbao ya 2×4 na kila mbao ya 1×8, saa za mashine zina kikomo, na kuna mteja anataka mbao za 2×4 zikiwa 120 kamili, hataki 119 wala 121. Hapo kwenye 120 naweka slaki au hiyo ya kutoa?

---

Dada_wa_Kihesa:

Kaka, hapo huweki yoyote. Sharti la "kamili" limeshakuwa mlinganyo lenyewe: x = 120. Ukiweka slaki umempa mteja 119, ukiweka ziada umempa 121. Lakini mstari huo hauna kigeu cha kuushika mwanzoni, kwa hiyo bado unahitaji kigeu bandia: x + a = 120. Mstari wa saa za mashine weka slaki ya kujumlisha kama kawaida.

Kama ni bidhaa moja tu iliyofungwa hivyo, fanya kwa akili: ondoa saa za mbao 120, zilizobaki zipangie nyingine. Simpleksi ya nini.

---

Mbao_Mafinga:

Bidhaa ziko tano na wateja wa namna hiyo wawili. Nitaandika uzi wangu na namba zote. Asante dada.

---

Mtu_wa_Mwanjelwa:

Mwalimu, ulisema utarudi kwenye njia yangu na hujarudi, kwa hiyo nimekaa nimeifanya. Nimeacha upande wa kulia ukiwa hasi na kuanza na mstari ulio hasi zaidi, −73. Nikalinganisha bei: x ni 90/9 = 10, y ni 70/23 = 3.04, nikamwingiza mdogo, y. Ikawa yurea mifuko 3.17 na gharama kama 222, lakini sharti la duka likavunjika. Mstari hasi zaidi sasa ni fosfati, nikaingiza x, ikawa 2, gharama kama 347. Bado duka lilikuwa limepungukiwa 9/23 ya mfuko. Nikaingiza ziada ya fosfati, ikawa 23, x ikapanda hadi 3, y ikarudi 2, gharama 410. Hatua tatu, sawa na zako, na sikuandika kigeu bandia hata kimoja. Jedwali langu lina safu tano, la kwako saba.

---

Mwalimu_Kibena:

Umefanya vizuri sana na ninalikubali. Hiyo ndiyo simpleksi ya pande mbili, Lemke aliiandika mwaka 1954. Tazama gharama zako: 222, 347, 410. Umepanda kutoka chini, mpango wako ulikuwa wa bei nafuu kuliko inavyowezekana na ulikuwa unaurekebisha uwe halali. Mimi nilifanya kinyume, nilitafuta uhalali kwanza.

Lakini ulichokisema mwanzoni, kwamba ukigeuza alama umemaliza, hakikutosha. Ulihitaji kanuni nyingine ya kuchagua nani atoke na nani aingie. Na njia hiyo inaanza kwa sababu tu tunapunguza na bei zote mbili ni chanya. Ukimpelekea kaka wa Mafinga, anayeongeza faida, mstari wa lengo unakuwa na namba hasi tangu mwanzo na njia yako haianzi hivi hivi. Kigeu bandia hakichagui.

Tatizo la kijana ni ndugu wa lile la lishe ambalo Stigler aliliandika mwaka 1945, chakula cha bei ndogo chenye virutubisho visivyopungua kiwango. Yeye kwa kukadiria alipata dola 39.93 kwa mwaka, na mwaka 1947 njia ya Dantzig ilipojaribiwa juu yake ikatoa 39.69. Mistari ya isipungue mitupu, na bei zote chanya. Kwa matatizo ya namna hiyo, Mwanjelwa, nakupa haki yako.

---

Mtu_wa_Mwanjelwa:

Nashukuru mwalimu. Ila bado nasema kwa mbolea wangefundisha yangu kwanza.

---

Mama_Pembejeo:

Mimi narudi na mbolea. Kama tatizo ni kilo 9 za naitrojeni, kwa nini hamuiweki SA, salfeti ya amonia? Ile ni 21%, mfuko una kilo 10.5 na bei yake iko chini ya DAP.

---

Kijana_wa_Inyala:

Mama, nimeijaribu, nimeweka bei ya kubuni elfu 50. Kigeu cha tatu z kinaingia mstari wa naitrojeni: 9x + 23y + 10.5z − e1 = 73. Jibu linakuwa DAP 2, yurea 2, SA 0.857 ya mfuko, gharama kama 363, na ziada zote mbili zimekuwa sifuri. Nikizidisha SA iwe mfuko mzima, naitrojeni ni 74.5, e1 = 1.5 na gharama 370. Bado ni nafuu kuliko 410.

---

Dada_wa_Kihesa:

Ila SA inaongeza asidi kwenye udongo, na udongo wa nyanda zetu hizi mwingi una asidi tayari. Mzee ameshapima udongo wa shamba? Hilo nalo linaweza kuwa sharti la isizidi, lakini simjui mtu anayeliandika kwa namba moja iliyonyooka.

---

Mama_Pembejeo:

Mwanangu, wateja wangu wengi wanaitumia miaka na wanavuna. Ila chokaa wanaweka pia, sitakataa.

---

Kijana_wa_Inyala:

Hajapima. Nitamuuliza bwana shamba. Kwa asainimenti nitawasilisha ile ya mbolea mbili, awamu mbili, majedwali yote, na ya Mwanjelwa nitaiweka mwishoni ili mhadhiri aone 410 imetoka pande zote. Swali moja limebaki mwalimu: awamu ya kwanza, ilipofika zamu ya y, ningechagua kuingiza e2 badala yake, ingekuwaje?

---

Mwalimu_Kibena:

Ijaribu. Mstari wa 23y + (9/23)e2 − e1 + a1 = 55, ukiingiza e2, a1 inatoka mara moja na e2 inakuwa 55 × 23/9, kama 140.6. x inapanda hadi 73/9, DAP mifuko 8.1 bila yurea hata kidogo. Awamu ya kwanza imekwisha kwa hatua mbili badala ya tatu, lakini gharama ni 730, na awamu ya pili itakuwa na kazi ya kuirudisha y ndani. Andika majedwali hayo uyaweke hapa, tuone kama unaishia na e2 = 23.